Somo la Jumamosi kwa vijana wa kipaimara: heshima, ridhaa na usafi

Bwana Yesu asifiwe, vijana wangu.

Leo wavulana na wasichana mnakaa pamoja. Najua mmezoea kutenganishwa likifika somo hili: wasichana wanabaki kanisani kuambiwa wajitunze, wavulana wanaachiwa mpira nje. Mimi sikubaliani na utaratibu huo. Paulo alipoandika habari za usafi alimwandikia Timotheo, kijana wa kiume: "uwe kielelezo kwao waaminio, katika usemi na mwenendo, na katika upendo na imani na usafi" (1 Timotheo 4:12). Sura inayofuata anamwagiza awatendee wanawake vijana kama ndugu wa kike, "katika usafi wote". Kwa hiyo, wewe kaka unayeangalia dirishani, somo hili ni lako pia.

Fungueni Mwanzo 24. Mtumishi wa Ibrahimu amesafiri na ngamia kumi kumtafutia Isaka mke. Amefika kwa kina Rebeka, zawadi zimetolewa, wazee wamekubali. Huku kwetu tungesema shughuli imekwisha, mahari imepokelewa, kilichobaki ni pilau. Asubuhi mtumishi anataka kuondoka na binti siku hiyo hiyo, nyumbani wanaomba akae kwanza siku kadhaa. Wanafanyaje? Kaka yake na mama yake wanaamua binti aitwe, aulizwe mwenyewe. Mstari wa 58: "Je! Utakwenda na mtu huyu? Akasema, Nitakwenda."

Tazameni alivyotendewa. Aliulizwa waziwazi, watu wakanyamaza wamsikie, naye akajibu kwa kinywa chake. Hiyo ndiyo ridhaa. Kama asingeweza kusema "siendi", lile "nitakwenda" lake lisingekuwa na uzito wowote.

Sasa tuje mtaani kwetu hapa Nkuhungu. Mnasikia watu wakisema, "akinyamaza amekubali." Si kweli. Mtu ananyamaza kwa woga, kwa aibu, au kwa sababu amepigwa na butwaa na ulimi umekuwa mzito. Mnasikia pia kwamba msichana akisema hapana anajivunga tu, ubembeleze. Yesu alisema, "maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo" (Mathayo 5:37). Akikwambia hapana, ichukue kama ilivyo, uende zako. Usimtumie marafiki zake wamshawishi, usimpigie simu saa sita za usiku, usimtukane kwenye grupu la darasa.

Aliyekubali jana anaweza kukataa leo. Na aliyekula chipsi zako, au uliyemwekea bando, hana deni la mwili kwako. Hili nawaambia hasa ninyi mnaosoma shule za kata mkitembea mbali: lifti ya bodaboda hailipwi kwa kushikwashikwa. Dereva akianza maneno ya "na mimi utanipa nini," shuka hata kama jua ni kali.

Ridhaa haianzii kwenye mambo makubwa. Kumshika mtu mkono, kumkumbatia, kumpiga picha, kufungua simu yake: uliza kwanza. Picha aliyokutumia kwa kukuamini si yako kuisambaza. Na wavulana, ninyi pia mna haki ya kusema hapana, hata anayewasumbua akiwa dada mkubwa mwenye kazi na heshima zake. Yusufu aliyemkataa mke wa Potifa alikuwa mtumwa katika nyumba ile, na alikataa.

Sasa 2 Samweli 13. Ni sura nzito, na makanisani tunairuka. Amnoni mwana wa Daudi anasema anampenda Tamari, dada yake kwa baba, mpaka anakonda. Rafiki yake Yonadabu anamfundisha hila: jifanye mgonjwa, omba aje akupikie. Marafiki wa namna hiyo bado wapo. Tamari anakuja kwa wema, anapika, Amnoni anawatoa watu wote nje. Tamari anamwambia, "La, sivyo, ndugu yangu." Anamweleza na sababu, anamwonyesha hata njia nyingine. Biblia inasema Amnoni hakukubali kuisikia sauti yake. Alimtenda kwa nguvu, na saa ile ile akamchukia kuliko alivyokuwa amempenda, akaamuru afukuzwe na mlango ufungwe nyuma yake.

Mimi huwa najiuliza, upendo gani unageuka chuki kabla jua halijazama? Paulo anasema upendo "hautafuti mambo yake" (1 Wakorintho 13:5). Amnoni alikuwa anatafuta mambo yake tangu mwanzo.

Kisha tazameni familia. Absalomu anamwambia dada yake anyamaze, kwa kuwa aliyefanya ni ndugu. Mfalme Daudi anakasirika sana, basi, hatusomi kwamba alifanya lolote. Tamari anabaki ukiwa. Katika vijiji vyetu mambo kama hayo bado yanamalizwa kwa ng'ombe wawili watatu chini ya mti, binti akiwa jikoni. Kanisa halipaswi kukaa katika kikao hicho.

Ukifanyiwa jambo bila ridhaa yako, hujatenda dhambi. Torati yenyewe, Kumbukumbu la Torati 22:26, inasema hivyo juu ya binti aliyekamatwa shambani akapiga kelele na hapakuwa na wa kumwokoa: hana dhambi. Usafi wako mbele za Mungu haunyang'anywi na mtu mwingine. Njoo uniambie mimi, au mama mchungaji, au mwalimu unayemwamini. Namba 116 ni ya watoto, kupiga ni bure. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mtu mzima akikuomba utunze siri ya aina hii, iwe baba mdogo, mwalimu au mimi mwenyewe, ivunje.

Mmoja atauliza: je, wote wawili tukikubaliana? Kwanza sheria. Tanzania, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Na tangu Sheria ya Elimu irekebishwe mwaka 2016, kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, au kumwoa, ni kifungo cha miaka 30. Kusema "alikubali mwenyewe" hakumwokoi mtu hapo.

Pili, imani yetu. Ridhaa ni lazima, ila kwa Mkristo haitoshi. 1 Wathesalonike 4 inataka kila mmoja aweze kuutawala mwili wake "katika utakatifu na heshima", na tendo la ndoa tunaliweka ndani ya ndoa. Sikufichi, ni vigumu. Kumpenda mtu ukiwa na miaka 16 si dhambi, moyo kwenda mbio si dhambi. Wimbo Ulio Bora unasema tu, "msiyachochee mapenzi wala kuyaamsha, hata yatakapoona vema yenyewe." Msiyachochee, basi. Ninyi mnaopanga geto karibu na shule, msomee darasani au barazani, si chumbani wawili mlango umefungwa. Video zile za kwenye simu, futeni; zinafundisha kumtazama mtu kama kitu.

Na aliyekwisha kuanguka kwa hiari yake asikae nyuma akidhani somo limempita. Yesu alimwambia yule mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi, "Wala mimi sikuhukumu," ndipo akamwambia asitende dhambi tena (Yohana 8:11). Waliokuwa na mawe mikononi walikwisha ondoka.

Boksi la maswali liko mlangoni. Andikeni bila majina, na mbadilishe mwandiko kama mnaogopa naujua. Jumamosi ijayo saa nane tunasoma Mwanzo 39, na wavulana ndio watakaosoma kwa sauti.