Kabla ya Jumamosi

Candiru, habari ya jioni. Najua saa hizi bado uko na wateja, kwa hivyo hii usiisome umesimama, ngoja ufunge duka kwanza, ukae, ule, halafu usome. Ni ndefu kidogo. Nimeiandika jana nikafuta, leo asubuhi nikaandika tena nikafuta, sasa nimeamua yenye itatoka ndio hiyo hiyo natuma.

Kwanza nikwambie vile moyo uko. Tangu uniambie unashuka Kampala Ijumaa usiku kuchukua mali Owino, mimi hesabu ya siku haijanitoka kichwani. Miezi minane tumeandikiana, kuna siku tumeandikiana mpaka simu inazima mkononi, najua vile unakunywa chai bila sukari, najua jirani yako mwenye mbuzi anakula nguo kwa kamba, lakini sijawahi kukuona ukitembea. Nataka kuona vile unatembea. Nataka kuona ile cheko ya kwa voisi inatokea wapi kwa uso. Kinyozi nimeshaenda na shati nimeshapiga pasi, na leo ni Jumatano tu.

Sasa lile lingine. Kuna mambo mawili sikukwambia vizuri na sitaki uyajue ukiwa umeshakaa mbele yangu unaona haya kuinuka.

La kwanza ni masikio. Zile simu zako nilikuwa nakata, kila mara nasema netiweki ya Masese ni mbaya, haikuwa netiweki. Masese netiweki iko sawa kabisa. Mimi ndio sisikii vizuri. Nimesimama kando ya mashine ya kusaga posho miaka tisa, kutoka asubuhi mpaka jioni, bila kuweka kitu masikioni, na mwaka jana daktari wa masikio alinipima akaniambia ile sehemu ya ndani yenye inashika sauti imeshakufa kiasi, haioti tena, dawa ya kudondosha haisaidii. Sikio la kushoto ndio baya sana. Si kwamba sisikii kabisa, sauti nasikia, ila maneno yanakatika, zile herufi nyembamba kama s na f na t zinapotea, na sauti za wanawake na watoto ndio zinanipita zaidi. Nikimuona mtu mdomo naelewa. Kwa simu hakuna mdomo. Voisi zako zote nilikuwa nangoja usiku, naweka iyafoni, nasikiliza mara tatu, mara nne, ndio najibu, na wewe ulikuwa unafikiri niko bize.

Na hapa ndio panaponiuma. Unakumbuka ile siku uliniletea voisi ya dada yako? Mimi nilikuwa kwa mashine, nikaona nisingoje usiku, nikaifungua pale pale inji inanguruma. Wewe ulisema dada amelazwa. Mimi nilisikia dada amezaa. Nikakujibu hongera sana, na ile emoji ya kucheza. Ukanyamaza siku mbili, na ulikuwa na haki, mtu ana mgonjwa hospitali na mwenzake anacheza. Halafu mimi badala ya kusema ukweli nikasema nilikosea, ile meseji ilikuwa ya mtu mwingine. Ulinisamehe haraka sana, Candiru, na tangu siku hiyo kila ukiniandikia neno zuri naona kama nalipokea kwa jina la mtu mwingine. Pole kwa ile siku. Pole ile ilikuwa ikufikie wakati ule, si sasa, lakini naileta.

La pili ni fupi. Mashine si yangu. Niliwahi kusema "mashine yangu" ukaelewa ni mali yangu na mimi nikaacha hivyo. Ni ya mjomba, mimi ni wa kuiendesha na kukusanya pesa, analipa kila Jumamosi. Niko na akiba kidogo naweka kwa ajili ya kale kachombo ka kusaidia sikio, na baada ya hapo ndio nianze kufikiria mashine. Sasa navaa vizibo nikiwa kazini, hilo nilijifunza nimechelewa.

Yale mengine yote niliyokwambia ni kweli. Mtoto wangu ana miaka sita, mama yake aliolewa Tororo na tunaongea vizuri kuhusu mtoto tu. Miaka yangu ni 36. Picha ya Wasapu ni ya zamani kidogo, sasa nimenenepa.

Nimeandika leo Jumatano makusudi ili uwe na siku mbili za kufikiri. Safari yako ya Owino iko pale pale, mimi sikuifanya iwepo, kwa hivyo ukiona hapana, utachukua mali yako utarudi Arua na hakuna kitu kimeharibika. Niandikie tu hapana, usieleze sana, sitakusumbua.

Ukiona ndio, basi naomba tubadilishe mahali. Tulisema karibu na Old Taksi Paki, pale na zile honi na makonda sitakusikia hata neno. Twende Makumbusho ya Uganda, pale Kira Rodi, saa nane mchana. Ni kimya, watu wapo, na nyuma kuna zile nyumba za asili za kila upande, tutatafuta ya kwenu na ya kwetu Wasamia tuone ipi imejengwa vizuri. Tukikaa, kaa kulia kwangu, na ukiongea niangalie. Nikisema "rudia" usichoke, si kwamba sikuwa makini.

Mwambie dada yako mahali utakuwa, mpe namba yangu na hata hii meseji aisome akitaka, sitaona vibaya, dada yangu mimi ningemwambia afanye hivyo hivyo. Sijakodi chumba popote na sina mpango huo. Saa kumi na mbili jioni natafuta taksi ya kurudi Jinja, na wewe utakuwa umeshafika kwa shangazi yako na mali yako.

Asubuhi nitapita Namawojjolo, nitakuletea gonja ya kuchoma, ile ndizi tamu ulisema kule kwenu hawachomi hivi. Nitavaa shati ya kijani, mikono mirefu.

Na kitu kimoja nafurahia mpaka naona aibu kuandika. Wewe Kilugbara mimi sijui, mimi Kisamia wewe hujui, Kiswahili ndio kimetubeba miezi yote hii kwa maandishi, na Jumamosi nitakiona kikitoka mdomoni mwako. Hata kama nitakosa nusu ya maneno.

Nijibu kwa kuandika. Au tuma voisi, leo niko nyumbani, mlango nimefunga, nitasikiliza.

Wandera