Mpango wa mahojiano na mkunga mstaafu kuhusu zamu za usiku

Mpango huu umeandaliwa kwa ajili ya watu wanne watakaoingia sebuleni kwa mzungumzaji wetu Jumamosi saa tatu asubuhi: muulizaji, mpiga picha, fundi sauti na mratibu. Filamu yetu ya makala itakuwa na urefu wa dakika 26, haitakuwa na msimulizi, na sauti ya muulizaji haitasikika hata mara moja. Kwa hiyo kila kitakachofahamika na mtazamaji lazima kitoke kinywani mwa mama huyu, kwa maneno yake, kikiwa na mwanzo na mwisho wake. Tumetenga saa mbili na nusu, pamoja na mapumziko baada ya sehemu ya tatu.

Mzungumzaji amefanya kazi ya ukunga kwa miaka 34, sehemu kubwa ikiwa zamu za usiku. Ni mchangamfu na ana kumbukumbu nzuri, lakini kazi yake ilimzoeza kutoa ripoti. Nilipozungumza naye kwa simu aligusia usiku ambao umeme ulikatika wakati wazazi wawili walikuwa wamefikia hatua ya kusukuma, na taa ya mkononi ilikuwa moja tu. Nilipomwuliza ilikuwaje, alijibu: "Wote wawili walijifungua salama, nikawakabidhi kwa zamu ya asubuhi." Hiyo ni ripoti sahihi kabisa, ila hakuna mtu anayeonekana ndani yake: hatujui nani aliishika taa, nani aliita, wala mkunga alikuwa amesimama wapi. Nilimwomba asiendelee, kwa sababu kisa kinachosimuliwa kwa mara ya kwanza huja na mambo ambayo msimulizi mwenyewe alikuwa ameyasahau. Hakuna mwanatimu atakayemdokezea kisa hicho wakati tukifunga taa na maikrofoni.

Kazi kubwa ya maswali yaliyomo humu, basi, ni kumtoa kwenye ripoti na kumrudisha kwenye usiku mmoja mahususi. Kila swali linataja mahali au wakati, linamwomba asimulie, na linabeba jambo moja tu. Muulizaji asikilize pia namna mama anavyojibu. Akisema "mzazi hufika, humpima, humwandika", ameanza kutoa somo la jumla, na hapo arudishwe kwa upole: "Naomba unisimulie mmoja kati ya hao, yule anayekujia kwanza akilini." Akianza kusema "nikamshika, akaniambia, nikageuka", yumo ndani ya kisa. Muulizaji anyamaze, hata kama ana swali zuri.

Idadi ya miaka, vituo alivyofanyia kazi, vyeo na tarehe ya kustaafu havitaulizwa mbele ya kamera. Mratibu atavichukua kwa maandishi Ijumaa. Vilevile muulizaji aingie akiwa anajua mambo ya msingi ya kazi hii: kwamba mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni kwa kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika, na kwamba mtoto asiyepumua anatakiwa awe ameanza kusaidiwa kabla dakika ya kwanza tangu kuzaliwa haijaisha. Asiyejua mambo haya atalazimika kuyauliza, na mama atarudi kuwa mwalimu.

Kabla ya kurekodi, muulizaji atamweleza hivi, mara moja tu: "Shikamoo mama. Watazamaji hawatanisikia mimi, kwa hiyo nikikuuliza kuhusu usiku wa kwanza, naomba uanze kwa kusema 'Usiku wangu wa kwanza', ili wajue tunazungumzia nini." Akisahau, asikatizwe. Amalize kisa, kisha aombwe sentensi ya mwanzo peke yake.

Sehemu ya kwanza: kifaa mkononi (dakika 15)

Mama bado anacho kifaa chake cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, chenye umbo la pembe ndogo, cha aina iliyobuniwa na daktari Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895. Kitakuwa mezani karibu yake. Kitu kinachoshikika humsaidia mtu kukumbuka, na mikono yenye shughuli huondoa woga wa kamera.

"Mama, naomba ukishike kama ulivyokuwa ukikishika kazini, kisha utusimulie usiku mmoja ambao sikio lako lilikaa hapo muda mrefu kuliko kawaida."

Huenda akaanza kwa kueleza kifaa kinavyofanya kazi. Aachwe aeleze, kwa kuwa picha ya mikono yake itatufaa, halafu aulizwe: "Na usiku ule, ulisikia nini?" Kisha: "Mzazi alikuwa anakutazama vipi wakati unasikiliza?"

Sehemu ya pili: usiku wa kwanza peke yake (dakika 25)

"Tupeleke kwenye usiku wa kwanza ulioachiwa wodi peke yako. Anzia mlangoni, unapoingia."

Rasimu ya awali ilikuwa na swali "Uliogopa?" nami nimeliondoa, kwa sababu jibu lake ni "ndiyo, sana", na baada ya hapo hakuna pa kwenda. Nimeliondoa pia "Ulijisikiaje?", linaloonekana kuwa wazi lakini humfanya mtu atafute jina la hisia badala ya kukumbuka tukio. Woga, kama ulikuwepo, utaonekana katika alichofanya. Maswali ya kufuatilia yawe mafupi: "Kisha ikawaje?" "Alitamka maneno gani?" "Mikono yako ilikuwa inafanya nini wakati huo?" Hayo matatu yanatosha kwa asubuhi nzima, na ndiyo pekee yatakayoandikwa kwenye kadi ya muulizaji. Karatasi ya mpango huu ibaki kwa mratibu, maana mzungumzaji akiona orodha ndefu mapajani mwa anayemwuliza, hufupisha majibu ili orodha iishe.

Sehemu ya tatu: wazazi wawili, taa moja (dakika 45)

Hiki ndicho kiini cha filamu, na tusikifikie kwa haraka. Tutaanza kwa swali linaloweza kujibiwa kwa neno moja, kwa makusudi:

"Umeme ulipokatika, ulikuwa umesimama wapi?"

Akishajiona amesimama mahali, swali linalofuata ndilo linalofungua kisa:

"Kuanzia hapo, naomba utusimulie hatua kwa hatua, bila kuruka hata dogo, mpaka kulipopambazuka."

Tunatarajia aanze kwa sentensi mbili au tatu za ripoti. Muulizaji asiridhike, na asionyeshe kutoridhika. Achukue kitu kimoja kidogo kutoka katika sentensi hizo na kumrudishia. Kwa mfano, mama akisema, "Nilimwita mhudumu, tukawasaidia wote wawili," muulizaji aseme: "Ulimwita mhudumu. Ulimwitaje?" Kwa neno hilo moja, mama atalazimika kusikia tena sauti yake mwenyewe gizani, na mengine yatafuata.

Tukio linafikia kilele pale alipolazimika kuamua taa ielekee kitanda kipi. Swali lake liulizwe kama lilivyoandikwa:

"Ulikuwa na taa moja na wazazi wawili. Tusimulie dakika ile ulipoamua uende nayo kwa nani, na ulichokuwa unakiona na kukisikia kabla hujaenda."

Tafadhali lisigeuzwe kuwa "Kwa nini ulimchagua yule?" Mtaalamu anayeulizwa "kwa nini" kuhusu uamuzi wake huhisi anahojiwa na wakubwa wake, naye hujibu kwa kunukuu utaratibu wa kazi. Tunataka alichokiona, na sababu itajitokeza humo humo.

Baada ya jibu la swali hili kutakuwa na kimya, na wote tukilinde. Muulizaji aendelee kumtazama mama machoni na kuhesabu pumzi tano kimoyomoyo kabla ya kusema lolote. Akubali kwa kichwa, asiseme "mm" wala "ndiyo", kwa kuwa sauti hizo huingia katikati ya maneno yake na mhariri hawezi kuzitoa. Mara nyingi sentensi bora huja baada ya mtu kudhani amemaliza. Mpiga picha asizime kamera wala kubadilisha ukubwa wa picha katika muda huo.

Kisa kikikamilika, tupumzike dakika kumi na tano. Mazungumzo ya mapumziko yasihusu kazi yake.

Sehemu ya nne: waliopotea (dakika 20, akikubali)

Kwenye simu mama alisema "wapo tuliowapoteza", kisha akabadilisha mazungumzo. Wakati wa mapumziko, mratibu atamwuliza faraghani, bila kamera, kama angependa jambo hili liguswe. Akikataa, sehemu hii imefutwa, na isirudishwe kwa mlango mwingine. Akikubali, swali ni moja:

"Kuna uliowapoteza. Kama yupo mmoja ambaye uko tayari kumzungumzia, tusimulie ulichofanya baada ya kutoka chumbani."

Nimechagua yaliyofuata baada ya kifo kwa sababu mbili. Yaliyotokea chumbani ni ya mzazi na familia yake, ambao hawakuombwa ridhaa na sisi. Yaliyotokea koridoni ni ya mkunga mwenyewe. Pia maelezo ya kitabibu yangemrudisha kwenye ripoti, mahali anapojificha kwa urahisi zaidi. Jina, mwaka au kijiji vikitajwa kwa bahati mbaya, fundi sauti aandike muda wake papo hapo ili viondolewe. Mama akilia, kamera ibaki ilipo, na muulizaji aulize kwa sauti ya chini kama anataka tuendelee. Jibu lake ndilo litakalofuatwa.

Sehemu ya tano: asubuhi (dakika 15)

Tusimwache katika huzuni. Swali hili limewekwa mwisho ili atoke wodini pamoja nasi:

"Chagua asubuhi moja unayoikumbuka vizuri baada ya zamu. Tembea nasi kutoka mlango wa wodi mpaka nyumbani kwako: ulikutana na nani, mkaambiana nini?"

Kisha swali la kufunga. Wengi huuliza "Je, una la kuongeza?" na kujibiwa "hapana, asanteni". Sisi tutauliza: "Ni kisa gani ulichokuwa umejiandaa kutusimulia ambacho sijakifikia?" Kamera iendelee kurekodi mpaka mama avuliwe maikrofoni.

Fundi sauti arekodi dakika moja ya utulivu wa sebule, watu wote wakiwa wamekaa, kwa matumizi ya mhariri. Mratibu amsomee mama fomu ya ridhaa kwa mara ya pili, kwa kuwa sasa anajua amesema nini, na amwonyeshe kipengele kinachomruhusu kuondoa sehemu yoyote ndani ya siku 14. Jumapili jioni muulizaji ampigie simu kumjulia hali. Orodha ya visa vyote, pamoja na muda wa kila kimoja kwenye rekodi, inifikie Jumatatu kabla ya saa sita mchana, kila kisa kikiwa na alama inayoonyesha kama kina sentensi ya mwanzo inayojitosheleza bila swali letu. Visivyo nayo tutarudi kuviombea sentensi hiyo siku tutakayokwenda kupiga picha za mikono na kifaa.