Punda Milia Alivaa Milia Kwa Ajili ya Nani?

(Mazungumzo mbele ya Klabu ya Sayansi, Ijumaa mchana, chumba cha maabara)

Mwalimu mlezi, shikamoo. Mwenyekiti, wanaklabu wenzangu, habari za mchana.

Wengi wetu tunaotokea Makuyuni na Mto wa Mbu tumewaona punda milia wakichunga pembeni mwa barabara hadi tumewazoea kama mbuzi. Kwa hiyo najua kuna watu humu wanasema moyoni, punda milia tena? Naombeni dakika kumi na tano. Mnyama huyu amewagombanisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka 150, na ugomvi wenyewe haujaisha.

Kwanza nimalize lile swali la kwenye daladala: ni mweupe mwenye mistari myeusi, au mweusi mwenye mistari myeupe? Ukimnyoa manyoya yote, ngozi iliyo chini ni nyeusi. Manyoya meupe ni yale yaliyokosa rangi. Basi ni mweusi aliyechorwa nyeupe. Tuendelee.

Ninachotaka mnisaidie leo ni kuichukua kila nadharia na kuibana kwa swali moja: kama wewe ni kweli, ni kitu gani kingine tungepaswa kukiona? Nadharia nyingi kuhusu punda milia ni tamu sana kusimulia. Ukizibana hivyo, baadhi zinaanza kutoa jasho.

Ya kwanza ndiyo tuliyofundishwa shule ya msingi: milia humficha mnyama. Hata mabingwa wawili wa mageuzi hawakukubaliana juu yake. Mwaka 1871 Charles Darwin aliandika kwamba milia haiwezi kumkinga punda milia kwenye mbuga zilizo wazi za kusini mwa Afrika. Alfred Russel Wallace akashikilia kwamba jioni, mwanga ukififia, milia haionekani sana, na hiyo ndiyo saa wanyama hawa wanapokwenda kunywa maji.

Tuibane. Milia ikiwa ni ya kumficha mbele ya simba, basi lazima simba awe anaiona milia yenyewe. Mwaka 2016 watafiti walichukua picha za punda milia na kuzipitisha kwenye hesabu zinazoiga macho ya simba na fisi. Ilionekana kwamba mchana, ukizidi mita 50, simba haitofautishi tena milia. Magharibi ni kama mita 30. Usiku usio na mwezi ni mita 9 hivi. Mita 9 ni kutoka hapa nilipo hadi mlangoni pale. Akifika hapo, simba ameshakusikia ukitafuna na ameshakunusa. Na punda milia si mnyama wa kujificha hata kidogo: anasimama peupe, anapiga kelele, na akishtuka anakimbia badala ya kulala chini kama mtoto wa swala. Mimi nadharia hii nimeiaga.

Ndugu yake ni nadharia ya kuchanganya macho: kundi likitimka, milia inapishana na simba hajui aanzie wapi. Ina mvuto. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, kuanzia 1917, Waingereza walizipaka meli zao mistari ya ajabu ajabu ili nyambizi za Wajerumani zikosee kukisia mwendo na uelekeo wa meli. Lakini punda milia si meli. Ikiwa simba huchanganyikiwa, basi tungetegemea awakamate punda milia mara chache kuliko wanyama wengine. Hali halisi ni kinyume: sehemu nyingi za Afrika punda milia ni miongoni mwa nyama anazozipenda simba. Kama hilo ni koti la kinga, basi lina matundu.

Ipo pia nadharia ya kutambuana. Ni kweli kwamba hakuna punda milia wawili wenye milia inayofanana, na watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa picha kama sisi tunavyotambuliwa kwa alama za vidole. Lakini farasi hutambuana vizuri kabisa bila mstari hata mmoja. Nadharia hii sitakaa nayo.

Ya joto ndiyo iliyonisumbua, kwa sababu ushahidi wake unavuta huku na huku. Wazo ni hili: juani mistari myeusi hupata moto kuliko myeupe, na tofauti hiyo huifanya hewa juu ya ngozi izungukezunguke na kumpoza mnyama. Mwaka 2015 watafiti walilinganisha punda milia wa sehemu mbalimbali za Afrika, wakaona kwamba kwenye joto zaidi milia ni mingi na imekolea zaidi. Mwaka 2019 watafiti wawili, mume na mke, wakatoa vipimo vya punda milia walio hai nchini Kenya: saa za jua kali mstari mweusi huupita mweupe kwa nyuzi 12 hadi 15 za Selsiasi.

Hapo unaona kama kesi imekwisha. Ila mwaka mmoja kabla, huko Hungaria, watu walijaza maji kwenye mapipa ya chuma, wakayavalisha ngozi, mengine ya milia, mengine ya rangi moja, wakayaacha juani kwa miezi. Maji ya ndani ya pipa la milia hayakuwa baridi kuliko ya pipa la kijivu. Sawa, pipa halitoki jasho, na mtu anaweza kulikataa kwa sababu hiyo. Mimi linalonikwaza ni jingine. Nyumbu anachunga palepale, kwenye jua lilelile, naye hana milia. Swala vilevile. Kama milia ni feni, mbona kapewa mmoja tu?

Sasa tuje kwa nzi. Ninaomba mkae sawa, hapa ndipo nilipotaka tufike.

Kuna mdudu anaitwa kipanga. Simsemi ndege. Nasema yule nzi mkubwa anayeuma, ambaye akikutua mgongoni unaruka. Hachomi kwa sindano nyembamba kama mbu, anakata ngozi kisha anaramba damu. Kuna pia mbung'o, ambao jamaa wa kwetu huwaita ndorobo. Nzi hawa hunyonya damu na kueneza magonjwa kama nagana. Tangu 1981 mtafiti mmoja, Jeffrey Waage, aliandika kwamba huenda milia huwakosesha nzi hawa shabaha.

Tuibane nayo. Kwanza: kama ni kweli, milia ipatikane pale walipo nzi. Mwaka 2014 Tim Caro, mtafiti aliyefanya kazi miaka mingi katika Hifadhi ya Katavi hapa kwetu, pamoja na wenzake, walichukua jamii yote ya farasi na punda duniani, wakailinganisha na ramani za simba na fisi, misitu, joto, na nzi wanaouma. Kilichoendana na milia ni maeneo yenye vipanga wengi kwa muda mrefu wa mwaka. Hayo mengine hayakuendana.

Pili: kama ni kweli, ukimvalisha milia mnyama asiye nayo, nzi wapungue. Hili lilijaribiwa Uingereza, majibu yakatoka 2019. Farasi walivalishwa majoho: jeusi, jeupe, na la milia. Kwenye joho la milia nzi waliotua walikuwa wachache sana. Lakini sikilizeni hili, maana ndilo lililonifanya nichague mada hii: kichwani, ambako joho halikufika, nzi walitua vilevile bila kujali farasi amevaa nini. Kwa hiyo si kwamba nzi walimkimbia farasi yule. Walimfuata, ila walipofika kwenye milia walishindwa. Video zilionyesha kwamba nzi anapokaribia farasi hupunguza mwendo ili atue, kama ndege inavyotua uwanjani. Akikaribia milia hapunguzi. Anapitiliza, au anajigonga na kuondoka.

Mwaka huohuo Wajapani wakapaka ng'ombe weusi mistari myeupe. Nzi waliowatua wakapungua kwa nusu hivi. Hawakuishia hapo: ng'ombe wengine weusi waliwapaka mistari myeusi, ili kujua kama ni harufu ya rangi inayowafukuza nzi. Hao hawakupata nafuu. Utafiti huo ulipewa tuzo ya Ig Nobel mwaka 2025, ile ya sayansi inayokuchekesha kwanza ndipo ikufikirishe. Nilimweleza baba, nikamwomba ng'ombe mmoja tu. Akanitazama, akamwita mama aje kunishika paji la uso.

Kuna mtu ataniuliza, na nyumbu je? Umemtumia kuiangusha nadharia ya joto, mbona hapa unamficha? Swali la haki. Caro na wenzake wanasema manyoya ya punda milia ni mafupi kiasi kwamba mdomo wa nzi unapenya kwa urahisi, na katika Afrika kuna magonjwa ya nzi yanayoua jamii ya farasi. Ni jibu zuri. Lakini nyumbu anaendelea kunisumbua kichwani, sitawaficha.

Na hakuna aliyekwisha kueleza kinachotokea ndani ya jicho la yule nzi. Watafiti waliofanya kazi Mpala, Laikipia nchini Kenya, walichapisha mwaka 2022 kwamba nzi waliowekwa karibu na ngozi ya swala pala na ya punda milia walitua zaidi kwenye ya swala, na wala haikujalisha kama milia ni mipana au myembamba. Maana yake jambo hili hutokea karibu kabisa, sentimita chache kabla ya kutua. Vipi? Hapo wanabishana.

Kwa kuwa ng'ombe wa baba wamekataliwa, nimeleta mbao mbili zenye ukubwa mmoja. Zote zimepakwa rangi nyeusi kutoka kopo moja. Hii moja ina mistari myeupe juu yake, na hii nyingine nimeichora mistari kwa nyeusi ileile, kama Wajapani. Zote nitazipaka gundi ya panya. Kesho saa tatu asubuhi tunazisimamisha karibu na josho, kila nusu saa tunabadilishana nafasi zake, na saa sita tunahesabu nzi walionasa. Nahitaji watu wanne, wawili wa kuhesabu bila kuangaliziana majibu. Mje na suruali ndefu. Vipanga hawatajua kwamba nyinyi ni wanasayansi.

Maswali?