Kwa vijana wa fildi, saiti ya Tabata: someni hii kabla ya Jumatatu

Wadogo zangu habari zenu. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi tunaanza kazi ya umeme, nyumba ni ya ghorofa mbili, nusu ya zamani nusu imeongezwa mwaka huu, na kuna jenereta nyuma na inveta chini ya ngazi. Nimeona niwaandikie kabisa maana nikianza kuongea saiti kuna kelele za grainda hamtanisikia.

La kwanza, "umeme umekatika" siyo sababu ya kushika waya. Hapa Dar umeme ukikatika fundi anajiona kapata nafasi, anapanda ngazi anafungua holda, dakika tano umerudi yuko juu kule. Au luku imeisha yuniti, mama mwenye nyumba ananunua kwa simu akiwa kazini, anamtumia namba aliyepo nyumbani aingize, hata hajui wewe uko darini. Kuzima ni kuzima mwenyewe. Meinswichi chini, inveta ofu, jenereta ofu, maana ile inveta inarudisha 230 kwenye soketi wakati meinswichi iko chini na wewe unatamba umezima. Ukishazima unafunga kufuli, ufunguo unakaa mfukoni kwako siyo juu ya boksi, na unabandika karatasi yenye jina lako. Kila anayefanya kazi anaweka kufuli lake. Kufuli tano nimenunua, msiniambie hamkuziona.

Pili, kupima. Ile testa ya bisibisi yenye taa ndogo iacheni mfukoni, jua likiwaka huioni hata ikiwaka, na ukivaa viatu vizito au ukisimama kwenye ngazi ya mbao inaweza isiwake kabisa. Tunatumia mita. Kwanza unaipima kwenye soketi unayojua ina moto, ikisoma kama 230 ndiyo unaenda kwenye sehemu yako: laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi, zote tatu, kama ni fezi tatu basi na fezi kwa fezi. Halafu UNARUDI kwenye ile soketi kuhakikisha mita haijafa katikati. Sasa mtauliza, meinswichi iko chini soketi yenye moto naipata wapi, jirani pale duka la sabuni tumeshaongea nae. Angalieni pia waya mwekundu wa mita, ukiwa umechomekwa kwenye tundu la ampea ukaenda kupima volti umetengeneza shoti mkononi mwako.

Nyutro msiidharau. Mimi 2009 nilizima breka ya taa tu kwenye nyumba moja ya zamani, nikapima, sifuri, na mita haikunidanganya. Nikafungua nyutro zilizoungwa pamoja kwenye boksi, nilipozitenganisha tu nikarushwa kutoka kwenye ngazi. Kumbe aliyefanya waya alichukua nyutro ya taa akaitumia kwa soketi za chumba cha pili, friji ilikuwa inafanya kazi kule, nilipokata njia ya kurudi ule moto ukanipitia mimi. Ndo maana upande wa zamani hatuzimi breka moja moja, tunashusha meinswichi.

Na upande huo rangi zitawachanganya. Zamani laivu nyekundu, nyutro nyeusi. Sasa laivu kahawia, nyutro bluu. Ila kwenye fezi tatu za zamani bluu ilikuwa fezi, na kwenye za sasa nyeusi ni fezi! Kwa hiyo rangi haiwaambii kitu mpaka mmepima.

Makosa ninayokuta kila siku: swichi imekata nyutro badala ya laivu, taa inazima lakini holda ina moto, mtu anabadilisha balbu anapigwa. Viungo vya kusokota na kufunga tepu darini bila boksi. Skrubu ambazo hazijakazwa, hizo zinachemka taratibu mpaka soketi inakuwa nyeusi. Nyutro na ethi kuunganishwa ndani ya dibii, kisha kile kifaa cha miliampea 30 kinaruka ruka na fundi anakitoa eti kibovu, wakati ndicho kingemuokoa mtoto. Na hita ya bafuni ya kilowati 5.5, inakula kama ampea 24, mtu anaipeleka na waya wa 2.5 halafu breka ikiruka anaweka kubwa zaidi. Sasa kinacholindwa ni nini hapo? Hapa hita ni waya wa 6 na breka yake peke yake.

Mwenzako akinaswa usimshike, kimbia meinswichi kwanza, ndiyo maana wote mtaoneshwa ilipo kabla hata ya chai.

Njooni na viatu vya soli ya mpira, pete na saa acheni nyumbani. Ambaye hajaelewa kitu anipigie leo jioni, nipo.