Tathmini ya Athari kwa Ulinzi wa Data: Mahudhurio kwa Alama za Vidole

Mdhibiti wa data: shule ya upili ya kutwa, Kaunti ya Kilifi (wanafunzi 640)
Mwandishi: naibu mwalimu mkuu, kwa Bodi ya Usimamizi
Tarehe: 17 Machi 2025, kabla ya ununuzi

1. Kinachopendekezwa

Mashine mbili za kusoma vidole zifungwe langoni. Kila mwanafunzi aweke kidole asubuhi na jioni, na mzazi apate ujumbe wa simu mtoto asipofika. Alama zitageuzwa kuwa msimbo wa tarakimu na kuhifadhiwa kwenye seva za muuzaji, nje ya Kenya. Mkataba hausemi zitakaa huko muda gani.

Muuzaji anasisitiza kwamba "picha ya kidole haihifadhiwi". Hilo halitutoi kwenye sheria. Msimbo unaomtambua mtoto kwa mwili wake ni data ya kibayometriki, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu kuwa data nyeti. Ndiyo maana kifungu cha 31 kinadai tathmini hii ifanywe kabla ya kuanza, si baada. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilisema uzinduzi wa kadi za Huduma ulikuwa kinyume cha sheria kwa sababu hatua hiyo ilirukwa.

2. Je, ni lazima?

Tumepitia rejista za muhula uliopita. Utoro wa asubuhi ni mdogo. Wanafunzi hutoroka baada ya chakula cha mchana, hasa Kidato cha Tatu, na wengi wao hupitia uwazi wa ua nyuma ya maabara. Mashine ya langoni itaandika kwamba mtoto aliingia saa moja asubuhi, lakini haitajua kama saa nane yuko darasani. Atakayeruka ua na kurudi kuweka kidole jioni ataonekana alihudhuria siku nzima.

Tatizo la pili ni rejista kujazwa kwa kuchelewa, wakati mwingine Ijumaa kwa wiki nzima. Hilo ni jambo la usimamizi wa walimu, na kidole cha mtoto hakihusiki nalo.

Foleni nayo haijapigiwa hesabu. Kila mwanafunzi akitumia sekunde tano tu, mashine mbili zitachukua karibu dakika 27 kuwapitisha wote, na hapo hatujakumbana na kidole chenye jasho, jeraha au ngozi iliyochakaa kwa kazi za shamba. Mtoto ambaye mashine inamkataa kila asubuhi mbele ya wenzake atakuwa amedhalilishwa bila kosa.

3. Hatari kwa wanafunzi

*Kuvuja kwa data.* Uwezekano ni wa wastani, madhara ni makubwa mno. Nywila ikiibwa hubadilishwa. Kidole hakibadilishwi, na mtoto wa miaka 15 atakihitaji benki na kwenye kitambulisho kwa maisha yake yote. Sheria inatutaka tumjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72, lakini seva si zetu, kwa hiyo huenda tukawa wa mwisho kujua.

*Idhini isiyo huru.* Kifungu cha 33 kinataka idhini ya mzazi au mlezi, pamoja na uthibitisho kwamba maslahi ya mtoto yanalindwa. Mzazi mwenye deni la karo hawezi kuikatalia shule kwa urahisi. Mwaka 2019 mamlaka ya ulinzi wa data ya Uswidi iliitoza faini bodi ya manispaa inayosimamia shule ya sekondari iliyopima mahudhurio kwa kutambua nyuso, na ilikataa hoja ya idhini kwa sababu mwanafunzi yuko chini ya mamlaka ya shule.

*Matumizi ya ziada.* Hatari hii ni kubwa. Leo ni mahudhurio, kesho chakula na karo. Mkataba unamruhusu muuzaji kutumia data "kuboresha huduma", na maneno hayo hayana mpaka.

4. Njia isiyogusa mwili

Rejista ijazwe mara mbili: saa mbili asubuhi na mwanzo wa kipindi cha kwanza baada ya chakula. Karani atume ujumbe kwa mzazi ndani ya nusu saa. Nambari za wazazi tunazo tayari, na gharama ni ya ujumbe tu. Uwazi wa ua uzibwe.

Wanafunzi saba tuliozungumza nao walikubaliana na hili, ingawa mmoja alitukumbusha kwamba wapo walimu wanaochelewa kuliko wao.

5. Uamuzi unaopendekezwa

Mtambo usinunuliwe. Hata tukibadilisha mkataba na kuweka seva hapa shuleni, hoja ya sehemu ya 2 inabaki: hatari ingebebwa na watoto, na utoro wa mchana ungeendelea. Bodi ikiamua vinginevyo, ripoti hii iwasilishwe kwa Kamishna siku 60 kabla ya kidole cha kwanza kusajiliwa.

Mashine ya majaribio iliyo ofisini ina alama za walimu tisa waliojitolea. Zifutwe mbele yao kabla haijarudishwa, na muuzaji athibitishe kwa maandishi kwamba hakuna nakala iliyobaki kwenye seva zake.