Zamu mpya za kilio na mchango wa kila mwezi

Lubumbashi, 18 Oktoba 2025

Kwa wapapa, wamama na vijana wote wa avenyi yetu, wenye parsele pamoja na wapangaji
Komini ya Katuba

Kuhusu: zamu mpya za kazi za kilio, na mchango utakaolipwa kila mwezi

Wandugu,

Nawasalimu wote. Katika mkutano wa Jumapili tarehe 12 Oktoba, kaya 51 kati ya 64 zilileta mtu wa kuzisemea, na zilikubali kwamba namna yetu ya kusaidiana wakati wa kifo ibadilike. Mpango mpya unaanza Jumamosi, 1 Novemba. Naomba barua hii isomwe kwa sauti katika kila parsele, ili wazee wasioona vizuri na vijana wasiokuja mkutanoni wasikie mambo yaleyale.

Kwanza niseme sababu, maana wengine wameuliza kama komite inatafuta tu pesa. Mpaka sasa tumekuwa tukingoja mtu afe, ndipo kaye inapita mlango kwa mlango. Mwezi wa saba, kwenye baridi, tulikuwa na vilio viwili. Cha kwanza kilikuwa cha mtu aliyejulikana na wengi, na michango ilipita mahitaji, mpaka chakula kikabaki. Cha pili kilikuwa cha mtoto wa mpangaji ambaye hakuwa na hata mwaka mmoja hapa kwetu. Kaye ilipita kwenye milango ileile, lakini pesa iliyopatikana haikutosha kununua sanduku, na baba wa mtoto alikopa ili amzike mwanawe. Yule baba alikuwa amelala nje kwenye kilio cha kwanza, usiku kucha, akichochea moto. Hilo haliwezi kurudia. Katika avenyi hii mtu asizikwe kwa ukubwa wa jina lake.

Sababu ya pili ni wamama. Kila kilio tunawaona walewale saba au wanane mbele ya sufuria, tangu alfajiri hadi usiku, na biashara zao sokoni zimelala. Mmoja wao aliniambia kwamba ndoo za nyanya zilimwozea siku tatu za kilio, na hakuna aliyemwuliza habari. Tunawashukuru sana wamama hawa, lakini shukrani peke yake haitoshi, ni lazima wapumzike.

Kwa hiyo tumegawa avenyi katika vikundi vinne vya kaya 16. Kila kikundi kina mwezi wake, na kifo chochote kitakachotokea mwezi huo kitashughulikiwa na wenye zamu. Mwezi ulipangwa kwa kura mbele ya mkutano:

Novemba: Bomba (tangu bomba la maji hadi kwa fundi wa viatu)
Desemba: Kona (tangu kwa fundi hadi kona ya kanisa)
Januari: Mwembe (tangu kanisa hadi mwembe mkubwa)
Februari: Soko (tangu mwembe hadi njia ya soko)

Mwezi wa tatu tunarudia kwa Bomba, na kuendelea hivyo. Watu wa Kona wamelalamika kwamba wamepata Desemba, mwezi wa sikukuu, na kwa kuwa miezi ni 12 na vikundi ni vinne, wangebaki na Desemba kila mwaka. Wana haki. Kila Oktoba kura itapigwa upya, na kikundi kilichokuwa na Desemba hakitaingizwa kwenye kura ya Desemba inayofuata.

Vifo viwili vikitokea mwezi mmoja, cha pili kinachukuliwa na kikundi kinachofuata kwenye orodha. Na kifo kikitokea ndani ya kikundi chenye zamu, nyumba iliyofiwa haifanyi kazi yoyote. Inakaa na kulia, wengine wanafanya.

Kazi za wenye zamu zimegawanywa ndani ya kikundi na kiongozi wao. Watu wanne wanasimamisha bashi na kuleta viti na mabenchi kutoka kanisani. Wawili, mmoja wao akiwa ndugu wa marehemu, wanafuata makaratasi: cheti cha kifo kutoka hospitali, kukiandikisha kifo kwenye komini, ruhusa ya kuzika, malipo ya chumba cha maiti na ya kaburi. Kazi hii wengi wanaidharau, kumbe ndiyo inayochelewesha mazishi, na kila siku ya kuchelewa chumba cha maiti kinaandika deni. Wawili hao waanze saa hiyohiyo habari inapofika, wasingoje ndugu watoke Kamina au Kasenga. Wengine ni wa kulala kilioni, wapapa na vijana, wasiopungua sita kila usiku hadi siku ya tatu.

Jikoni, kila kikundi kitatoa watu wanane, na wanne wao wawe wanaume. Nimesikia manung’uniko juu ya jambo hili na sitalibadilisha, maana mkutano ulilipigia mikono. Kuchota maji, kupasua kuni, kubeba gunia la makala, kusonga bukari ya watu mia moja kunahitaji nguvu, na vijana wetu wanazo. Nyumba mbili zenye foraji zimekubali kutoa maji bure wakati wa kilio, bomba likiwa limekauka. Tunawashukuru hadharani.

Mvua zinaingia, na pamoja nazo kila mwaka tunaogopa kipindupindu. Daktari akisema mtu amekufa kwa ugonjwa huo, mwili hauletwi nyumbani, hauoshwi na jamaa, na hakuna sufuria itakayowekwa motoni kilioni. Watu wa afya ndio watakaoongoza mazishi. Najua ni vigumu kwa mama kukatazwa kumgusa mwanawe, na tutakaa naye, lakini hatutaruhusu kilio kimoja kizae vilio vingine. Kwenye kilio chochote kile, ndoo ya maji yenye robine na sabuni iwekwe penye mlango wa parsele kabla hata ya viti kufika.

Sasa mchango. Kila kaya italipa faranga 5,000 kwa mwezi, kabla ya tarehe 10. Mpangaji analipa sawa na mwenye nyumba na anapata sawa na mwenye nyumba. Wajane wazee na kaya zisizo na mtu wa kufanya kazi, tisa kwa jumla, zitalipa 2,500, na majina yao hayatasomwa mkutanoni. Hivyo kila mwezi tunategemea faranga 297,500. Ndani ya kasha la zamani mna 186,000. Hii maana yake hata tukifiwa mwezi wa kwanza kabisa, mfuko unaweza kutoa bila kukopa.

Kifo cha mtu yeyote anayelala katika kaya, mzee au mtoto mchanga, mfuko utatoa 450,000. Mkutano ulibishana muda mrefu juu ya watoto wachanga, wengine wakitaka nusu. Sanduku la mtoto kweli ni dogo, lakini usafiri, kaburi na makaratasi havipungui, na uchungu wa wazazi haupungui. Wengi walikubali kiasi kiwe kimoja. Mwanamemba akifiwa na mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto anayeishi mbali, atapewa 200,000 za safari, na wenye zamu watalala kwake usiku mmoja kabla hajaondoka.

Mwaka jana tulikuwa na vilio vitano hapa na safari mbili. Tukipatwa na idadi kama hiyo, tutatumia 2,650,000, wakati michango ya mwaka itakuwa 3,570,000. Kitakachobaki kwanza kitanunua bashi mpya, maana ile tuliyonayo inavuja katikati, kisha sufuria kubwa mbili.

Zaidi ya pesa, siku ya kifo kila kaya itatoa kilo mbili za unga, bila kuambiwa mara mbili. Mwenye samaki, sombe, maharagwe au makala alete kadiri ya uwezo wake. Hivyo haviandikwi kwenye kaye.

Mfuko hautalipia pombe, muziki wa kukodi, wala kitenge cha sare. Familia inayotaka sare inaweza kuishona kwa pesa yake, lakini mtu asikatazwe kukaa na waombolezaji kwa sababu hakununua kitambaa. Pia vijana wanaofunga barabara siku ya mazishi na kudai pesa kwa magari yanayokwenda makaburini: kama ni watoto wetu, wazazi wao wataitwa na komite jioni hiyohiyo.

Pesa ya mfuko itapewa mkononi mwa mjane, mjane wa kiume au mzazi wa mtoto, mbele ya mashahidi wawili wa kikundi chenye zamu. Haitapewa shemeji, wala mjomba, wala mkubwa wa ukoo aliyefika jana. Tumeona wamama wakibaki na watoto ndani ya nyumba iliyofagiliwa, hata godoro limebebwa, na mchango wa majirani umeondoka na basi la asubuhi. Wazee wa ukoo tunawaheshimu, na tutawapokea kwa chakula na mahali pa kulala. Lakini tulichochanga ni cha waliobaki ndani ya nyumba.

Asiyelipa miezi mitatu mfululizo bila kuja kueleza atatembelewa na wawili wa komite kwanza. Huenda amefukuzwa kazi, huenda anauguza. Akieleza shida yake, tutapanga alipe kidogo kidogo au kwa kazi. Anayeweza na hataki, mfuko hautamlipa, ila majirani bado watakwenda kumzika mtu wake.

Kasha lina kufuli tatu. Ufunguo mmoja uko kwa Papa mweka hazina, wa pili kwa Mama mshauri wa Mwembe, wa tatu kwa kijana aliyechaguliwa na vijana wenyewe. Mimi sina ufunguo, kama mlivyoamua. Anayelipa kwa simu amtumie mweka hazina pamoja na gharama ya kutolea, na asubiri ujumbe wa kujibiwa. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada, kaye itafunguliwa kwa mwembe na yeyote anaweza kuisoma. Kwa Novemba hiyo ni tarehe 2.

Viongozi wa vikundi vinne wafike kwangu Jumamosi tarehe 25 Oktoba, saa kumi alasiri, wakiwa na orodha ya watu wao na namba za simu. Kiongozi wa Bomba aje na majina ya wanane wa jikoni, wote wanane.

Mwenyekiti wa komite,
Mama Kapinga