Barua pepe kwa kiwanda cha mabegi: mzigo uliochelewa, na maswali ya kurudishiwa advansi

Shikamoo Shangazi,

Hii hapa kwa Kiswahili barua ninayotaka kuwatumia watu wa kiwandani kule Yiwu, China. Ya Kiingereza iko tayari na inasema hayahaya. Isome kwanza, halafu chini yake nimejibu uliyoniuliza jana kuhusu kudai pesa.

Kwa: Meneja wa Mauzo ya Nje
Nakala: Idara ya Fedha, wakala wetu wa usafirishaji, Ningbo
Mada: Mabegi ya shule 4,800: tarehe ya mwisho ya kupakia, la sivyo kurejesha malipo ya awali
Tarehe: 20 Oktoba 2025

Ndugu Meneja,

Salamu kutoka Dar es Salaam. Natumaini mapumziko ya Oktoba yalikuwa mema na kiwanda kimerudi kazini.

Naandika kuhusu mabegi ya shule 4,800 tuliyoagiza kwa proforma yenu ya tarehe 14 Julai 2025, jumla dola za Marekani 15,360, kwa masharti ya FOB Ningbo. Asilimia 30, yaani dola 4,608, tuliituma kwa benki tarehe 16 Julai, nanyi mkathibitisha kwa maandishi kwamba imeingia. Proforma inasema mzigo uwe umepakiwa melini kufikia tarehe 31 Agosti. Hadi leo haujapakiwa.

Tumepewa sababu tatu. Agosti mlisema kitambaa kimechelewa, nasi tukakubali kusubiri hadi katikati ya Septemba. Septemba mkasema nafasi ya meli haipatikani. Hapo naomba tuelewane: kwa masharti ya FOB, kutafuta nafasi ya meli ni kazi yetu, na wakala wetu aliipata mara mbili. Mara zote mbili ilifutwa kwa sababu mzigo haukufika bandarini. Sasa mnataja sikukuu ya taifa. Sikukuu hiyo ilianza tarehe 1 Oktoba, mwezi mzima baada ya tarehe mliyoahidi.

Shule zetu hufunguliwa Januari, na begi lisilouzwa kabla ya hapo hukaa stoo hadi mwaka mwingine. Meli kutoka Ningbo huchukua takriban mwezi au zaidi, kisha kuna taratibu za forodha. Mzigo utakaoondoka katikati ya Novemba hautatufaa, hata uwe mzuri kiasi gani.

Bado tunapendelea kupokea mabegi kuliko kurudishiwa pesa, kwa kuwa sampuli zenu zilituridhisha. Kwa hiyo tunawaomba, kufikia Alhamisi tarehe 23 Oktoba, mtutumie idadi ya mabegi yaliyokamilika, picha za katoni zilizokwisha kufungwa, na siku ambayo wakaguzi wa cheti cha TBS wanaweza kuja kiwandani. Kontena liwe limepakiwa melini kufikia Ijumaa tarehe 31 Oktoba. Salio la dola 10,752 liko tayari na tutalilipa kama tulivyokubaliana, baada ya kuona nakala ya hati ya shehena. Hatutalilipa kabla ya hapo.

Ikiwa kontena halitakuwa limepakiwa siku hiyo, oda itahesabika imefutwa bila barua nyingine. Kifungu cha 7 cha proforma kinaturuhusu kufuta oda pale ucheleweshaji unapozidi siku 30, na kinawataka mrejeshe malipo ya awali ndani ya siku 14. Maana yake fedha ziwe zimetumwa kufikia tarehe 14 Novemba.

Ili tusije kubishana baadaye, tunaomba majibu ya maandishi sasa:

Je, mnakubali kwamba oda ikifutwa mtarejesha dola 4,608 kamili, bila kukata gharama ya kitambaa wala ya kuchapa nembo?

Nani kwenu anaidhinisha marejesho, na atahitaji karatasi gani kutoka kwetu?

Fedha zitarudi kwenye akaunti ileile zilikotoka, na gharama za benki mtazibeba ninyi?

Na ikiwa sehemu tu ya mabegi imekamilika, ni mangapi? Tunaweza kufikiria kuyachukua hayo, mradi bei kwa begi ibaki dola 3.20 na advansi ya yaliyobaki irudishwe.

Hatutaweza kupokea ahadi ya kufidiwa katika oda ijayo badala ya fedha.

Tunathamini kazi yenu na tunatarajia jibu kufikia Alhamisi.

Wenu katika biashara,
Ofisi ya Manunuzi, Dar es Salaam

Barua inaishia hapo. Sasa maswali yako.

Uliuliza kwa nini tusidai pesa moja kwa moja, maana wametuchosha. Wametuchosha kweli, lakini tukifuta leo wanaweza kusema mabegi yalikuwa tayari na sisi ndio tuliokimbia. Tulishawaongezea muda mara moja kwa maneno laini. Safari hii tunaweka tarehe, na tukishaiweka tusiisogeze tena, hata wakituma picha za kontena likiwa getini. Nakuomba hapo Shangazi uwe mgumu, maana nakujua.

Benki kuirudisha pesa? Hapana. Uhamisho wa kimataifa ukishaingia kwenye akaunti ya mpokeaji, benki yetu inaweza tu kutuma ombi, na bila idhini ya mpokeaji haifiki popote. Ndiyo maana lile salio ndiyo nguvu yetu. Wakisema walipwe kwanza kisha wapakie, tusikubali, hata kwa nusu.

Kuhusu kuwatishia mahakama, nimeacha kwa makusudi. Proforma inapeleka migogoro kwenye CIETAC, tume ya China ya usuluhishi wa biashara ya kimataifa, kule Beijing. Kwa dola 4,608, ada na wakili vinaweza kumeza pesa yenyewe, na wao wanalijua hilo. Wakikaa kimya hadi tarehe 14 Novemba, tutawaandikia ofisi ya uchumi na biashara ya ubalozi wa China hapa Dar, na chemba ya wafanyabiashara ya hapa kwetu, TCCIA, tukiambatanisha kila kitu. Ofisi hizo haziwezi kuwalazimisha kulipa, lakini kiwanda kinachouza nje hakipendi malalamiko ya aina hiyo. Hatua hiyo tusiitaje sasa. Barua ya kwanza yenye vitisho vitano hujibiwa na mwanasheria wao, nasi tunataka ijibiwe na mhasibu.

Gharama za zile nafasi mbili za meli zilizofutwa sijazitia kwenye dai, ingawa zinauma. Tukichanganya, watabishana juu ya hizo dola chache na advansi nzima itakwama humo. Risiti ninazo. Tukipata mabegi, tutaziombea punguzo kwenye salio.

Jambo moja la kuwa nalo makini sana. Ikija barua pepe yoyote inayosema akaunti yao imebadilika, au inayokuomba maelezo ya akaunti yako "kwa ajili ya marejesho", usijibu. Matapeli huvizia mawasiliano ya namna hii. Nipigie, nami nitampigia meneja kwa namba tuliyoitumia tangu mwanzo. Kwenye fomu ya marejesho tutawataka waandike OUR, ili gharama za benki ziwe zao. Mwezi Julai sisi tulituma kwa SHA, kila upande ukabeba za kwake.

Ukiridhia, nitaituma usiku huu. Wao wametutangulia saa tano, wataikuta wakifungua ofisi. Nitumie pia picha safi ya karatasi ya SWIFT ya tarehe 16 Julai. Nakala niliyonayo imefifia palepale penye namba ya kumbukumbu, na ndiyo kiambatisho cha kwanza watakachokifungua.

Mwanao,
Salim